Siku Seva Ilipokataa Kuwa Tayari

Nuria ni mtu wa mikono kuliko maneno. Akiwa darasa la tano, kule Lisekese, alimng'oa jino mvulana aliyemmwagia ndoo ya maji. Mama wa mvulana alipokuja juu, mjomba wake Nuria, mzee Shamte, alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa kuku wa kumpoza, kisha akamgeukia mpwa wake: "Kula kwanza. Kesho utanieleza ulimpiga kwa mkono gani." Huyo ndiye aliyemlea, na kwa Wamakonde mjomba si mtu wa pembeni. Aliuza mikorosho yake mizuri ili binti akasome kompyuta. Binti akarudi Masasi kuwa fundi wa mifumo wa ushirika wa wakulima, na mzee, kwa kuwa shamba lilikwisha, akashika rungu la ulinzi kwenye ghala la chama cha msingi karibu na Mnyambe.

Ndiyo maana siku ya toleo jipya la mfumo Nuria alikwenda kulisimamia kwenye ghala hilo. Alitaka mjomba amwone akiwa kazini.

Ulikuwa msimu wa salfa. Mikorosho imeanza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga umeshaonekana, na kila mkulima anataka unga wake wa kupulizia leo, si kesho. Mkulima anaweka kidole kwenye mashine, mashine inauliza seva za Masasi kama ndiye mwenyewe, karani Dickson anatoa mfuko. Kule Masasi mfumo una nakala nne zinazofanya kazi moja, zinagawana maghala yote ya Masasi na Newala. Kwa kuwa seva hazina nafasi ya nakala ya tano, Nuria alipanga toleo jipya liingie kwa zamu: mbili za zamani zizimwe, mbili mpya ziwashwe, na hizo mpya zikishasema ziko tayari ndipo zipewe kazi na mbili zilizobaki zizimwe.

Hazikusema. Kila sekunde chache mfumo uliziuliza, "Uko tayari?" nazo zikajibu bado. Hazikuwa zimekufa, zilikuwa macho kabisa. Lakini bosi wa Nuria, Bwana Fortunatus, alikuwa ameng'ang'ania kwamba nakala isihesabiwe kuwa tayari mpaka iweze kuwasiliana na kampuni inayotuma ujumbe wa simu, kwa sababu wakulima walilalamika kukosa ujumbe. Nuria aliona ni upuuzi, ila alikubali ili yaishe. Sasa kampuni ile ilikuwa haijalifungulia mlango toleo jipya. Zoezi zima likakwama katikati: nakala mpya mbili zimekaa bure, na za zamani mbili zimebebeshwa mzigo wa nne, zinahema. Kidole kikiwekwa, mashine inazunguka, inazunguka, kisha inakataa.

Nuria alitaka kurudisha toleo la zamani papo hapo. Fortunatus akafoka kwenye simu. "Usirudishe kitu! Mkubwa wa wizara yuko njiani kuja kuzindua. Kampuni wamesema wanafungua sasa hivi." Nuria akasubiri, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Nje watu walikuwa wanakataliwa mmoja baada ya mwingine, watu waliolala kwenye foleni na njaa zao. Kuna aliyesema salfa imeuzwa Msumbiji kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeuliza nani kasema. Jiwe la kwanza lilipiga bati, la pili likavunja dirisha, na Dickson akaukomea mlango kwa chuma huku mzee Shamte angali nje, amesimama kizingitini na rungu lake, akiwaita wanangu, akiwaambia watulie.

Walimpiga kwa rungu lake mwenyewe. Nuria aliona kupitia dirisha lililovunjika: Pancras, mkulima mwenye shati la mistari aliyekuwa mbele ya foleni, alimnyang'anya mzee na kumtandika begani, kisha kichwani, na mzee akapiga magoti. Wengine wakaingia kwa mateke. Mwanamke mmoja alimpiga kwa jembe la mkono, kwa upande wa mpini, akilia.

"Salfa itoke!" Pancras alipiga kelele dirishani, anatokwa na jasho. "Mashine zenu zifanye kazi, au huyu mzee tunammaliza!"

Nuria akafungua laptopu. Intaneti ilitoka kwenye simu ya Dickson, na Dickson wakati huo huo aliichomoa mezani, akakimbilia mlango wa nyuma.

"Simu, kaka Dickson!"

"Dada Nuria, mimi nina watoto Shinyanga! Tukimbie!"

Nuria alimrukia mgongoni. Wakaanguka juu ya mifuko, unga wa njano ukawafunika, ukawachoma macho. Dickson alimpiga kiwiko cha mdomo. Nuria akamng'ata mkono mpaka akahisi ngozi inaachia, na simu ikadondoka. Akaiokota, akarudi mezani akitema damu. Simu yake mwenyewe iliita, Fortunatus. Akaikata, akaandika amri ya kurudisha toleo la zamani, akabonyeza.

Nakala mpya mbili zikazimwa. Za zamani mbili zikaanza kuwaka, na hizo pia zina utaratibu wake: lazima zipakie alama za vidole kwanza. Bado. Bado. Huko nje mzee aliguna, na mlango ukagongwa na kitu kizito, bawaba moja ikang'oka. Nuria alizitukana seva kwa Chimakonde, tusi ambalo mjomba asingependa kulisikia. Ya kwanza ikasema tayari. Ya pili ikafuata. Nne.

Alifungua mlango mwenyewe, mashine mkononi.

"Inafanya kazi! Kwanza huyu apelekwe hospitali."

Mjomba alikuwa kalala ubavu, sikio limechanika, pumzi inakoroma. Pikipiki zilikuwepo, zaidi ya kumi, na wenye pikipiki walikuwa kwenye foleni.

"Salfa kwanza," Pancras alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Nyuma yake watu walikuwa wameshajipanga, wengine bado na mawe mkononi. Nuria aliwaangalia akaelewa kwamba akigoma watamrudia mzee, na akimkimbilia watamrudia vilevile. Aliwachukia wote, mpaka wale waliokuwa shangazi zake. Akaweka mashine mezani.

Pancras akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa.

"Unaona?" mtu akasema nyuma, na foleni ikasogea mbele kama kitu kimoja.

Nuria alitazama kioo cha mashine, kisha akatazama kidole. Hakikuwa kosa la seva. Akaushika mkono wa Pancras, akauvuta, akalilowesha gumba kwa mate yake na kulifuta kwa pindo la kanga, taratibu, mpaka mistari yote ya ngozi ikaonekana. Damu ya mjomba wake ilitoka vizuri tu, ilikuwa haijakauka. Pancras aligeuza uso.

"Weka tena," Nuria alimwambia.

Mashine ilimtambua mara moja. Ikamwonyesha jina lake, kijiji chake, na mifuko anayostahili. Dickson, ambaye hakuthubutu tena kutoka nje, akatoa mfuko kwa mkono uliong'atwa. Nuria akaita anayefuata, na baadaye anayefuata, kwa sauti ileile, huku akisikiliza ule mkoromo pale chini. Alikuwa ameshika mkono wa yule mwanamke wa jembe pale mkoromo ulipokatika.