Kauli ya Muuguzi wa Chanjo

Muuguzi wa chanjo alikuwa na kauli moja kwa kila mama: "Usihofu, mdogo wangu. Homa kidogo na kulialia ni kawaida, kesho kutwa atakuwa anakuchekea."

Mama mmoja, fundi cherehani, aliishika kauli hiyo. Siku ya tatu mwanawe alikataa kunyonya, akalegea. Mama akasema ni chanjo tu. Alipomfikisha kliniki, homa ya uti wa mgongo, ugonjwa mwingine kabisa, ilikuwa imeshamuua.

"Dada, si ulisema ni kawaida?" alimuuliza muuguzi.

Sasa muuguzi hamruhusu mama yeyote kutoka mpaka ataje mwenyewe dalili za kumrudisha mtoto mara moja: homa kali au ya zaidi ya siku mbili, kukataa kunyonya, kulegea, degedege.

"Nesi, huu mtihani?" akina mama humtania.

Hacheki. "Rudia, mwanangu."