Picha ya Saa Nne

Sydney Ooko wa Kondele hujisifu hata akichemsha maji. Lakini Jumapili hiyo, wacha tumpe haki yake, alikuwa na kazi kubwa.

Kampuni ya samaki kule Kisian ina seva moja, kompyuta kuu, na ndani yake zinaishi kompyuta ishirini na mbili ambazo huwezi kuzishika kwa mkono. Watu wa kazi hiyo huziita wageni. Mwaka mzima hazijapata apdeti. Meneja, Mama Nduta, alimpa Sydney kazi ya kuziapdeti, akamwambia wazi, "Uko kwa majaribio. Ukinivurugia, Jumatatu usije."

Sydney akapanga kama harusi. Wageni wadogo kwanza, wazito mwisho. Kila mmoja apigwe snapshot kwanza, yaani picha ya hali yake, ndio apdeti ikileta kiburi unamrudisha pale alipokuwa. Akapima nafasi ya diski, picha zisije zikaijaza. Saa za kazi: Jumapili, saa moja hadi saa saba.

"Watu wote wako kanisani," akajipigia makofi. "Nani ataingia kwa sistemu?"

Wageni ishirini na moja wakapita safi. Wa mwisho, yule wa rekodi za samaki, akapigwa picha saa nne. Apdeti ikaingia, akawaka vizuri. Lakini saa sita Sydney akajaribu kuchapa lebo za kreti, printa ikakataa kabisa. Akahangaika, wapi! Akamrudisha mgeni kwa picha ya saa nne. Lebo zikatoka tii! Akacheka peke yake.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Ni Winny, karani wa mapokezi ya samaki.

"Bwana Sydney! Samaki wangu wako wapi?"

"Wewe! Si uko kanisani?"

"Mimi Msabato! Kanisa ilikuwa jana. Samaki wa Jumamosi nawaingizanga kwa sistemu Jumapili, kampuni yote inajua. Kreti hamsini na nane, tangu saa nne na nusu. Sasa ziro!"

Sydney akatazama saa ya ile picha: saa nne. Picha haichagui: inaondoa apdeti mbaya na inafuta kila kitu kilichoandikwa baada yake. Hakufungia watu mlango. Hakuuliza mtu. Hakutoa nakala ya rekodi kabla ya kurudisha. Na lori la mnunuzi linatoka saa tisa. Kreti bila rekodi haipandi.

"Karatasi ziko?" sauti ya Sydney ilitoka nyembamba kama ya kuku.

"Ziko kwa msumari ukutani. Soma, mimi naandika. Na usijisifu!"

Karatasi, moja kwa kila kreti, zilinuka samaki wa mbuta. Tatu zililowa maji ya barafu, hazikusomeka. Lori likaondoka na kreti hamsini na tano, tatu zikabaki.

Jumatatu Sydney alikuja hivyo hivyo, akasimama kwa mlango wa Mama Nduta, akaeleza yote mwenyewe. Akampa mpango mpya. Mama akasoma mstari wa kwanza: *Uliza Winny anaingia lini.* Wa pili: *Funga sistemu, tangaza.*

Mama akamsogezea simu ya mezani.

"Kreti tatu utamwelezea mnunuzi wewe," akasema. "Kaa chini, piga simu."