Tano ya Maudhui

Nilimaliza kidato cha nne na sikuendelea. Kwa hiyo, nilipoombwa kufundisha insha katika darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa pale Matisi, nililichukua lile jina la Mwalimu kama mtu anayevaa koti la kuazima, akihofia kila mara kwamba mwenyewe atatokea alidai. Nasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa nani siku ile. Si kisingizio.

Darasa liliongozwa na mwalimu mstaafu, mama wa familia iliyotoka upande wa kati wa nchi ikanunua shamba Trans-Nzoia zamani. Sote tulimwita Madam. Yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu wa kusahihisha. Kila insha ilikuwa na alama ishirini, kumi za maudhui na kumi za lugha, na visanduku viwili tofauti vilichorwa juu ya karatasi. Katika maudhui tulitazama kama mwandishi ana msimamo, kama hoja zake zina ushahidi, kama amejibu wanaompinga, na kama mambo yanafuatana. Hijai, sarufi na vituo vilikuwa vya kisanduku cha pili, na neno lililokosewa mara kumi kwa namna moja lilikatwa mara moja tu. Maudhui yalitiwa alama kwanza, kalamu nyekundu ikiwa bado mfukoni.

Aliyepata sita au zaidi katika maudhui aliingia darasa la mtihani wa kidato cha nne. Alama ya lugha haikumzuia mtu. Ilituonyesha tu nani apewe masomo ya ziada. Madam alisema lugha tunaweza kumfundisha mtu kwa miezi minane, lakini hatuna miezi ya kumfundisha kufikiri.

Kulikuwa na desturi moja zaidi. Insha yenye makosa mengi kiasi cha kumkwaza msomaji ilisomwa kwa sauti na mmoja wetu, kwa Kiswahili kilichonyooka, na wengine wakasikiliza. Sikio halioni hijai. Kisha kila mmoja aliandika alama yake ya maudhui pembeni, tukachukua wastani. Msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu nina sauti.

Mwanafunzi ninayemkumbuka alikuwa mama mwenye umri wa kupata wajukuu, muuza vitunguu. Siku za soko alikuwa Chwele, siku nyingine alikaa Matisi kwa dada yake ili asome. Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha pili. Aliniambia mara moja, bila kujionea huruma, kwamba akikosa nafasi mwaka huo hatajaribu tena, kwa sababu dada yake alikuwa anahama.

Swali lilikuwa kama bodaboda zipigwe marufuku sokoni. Wengi waliandika ndiyo au la, wakajaza kurasa. Yeye alianza kwa kueleza jinsi pikipiki ilivyopita juu ya mguu wake kati ya vibanda. Msomaji akishaamini kwamba mama huyu anataka zifukuzwe, yeye anauliza ni nani atakayeleta kabichi alfajiri, na ni nani atakayembeba mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi hapo hapo sokoni. Akayachukua maneno ya wapinzani wake na kuyapa nguvu kuliko wao wenyewe wangeweza. Kisha akayajibu: pikipiki zisimame karibu na wauza mbuzi, mizigo iingie kwa mkokoteni, na njia moja iachwe wazi kwa ajili ya mgonjwa. Alikuwa amehesabu hatua kutoka kwa mbuzi hadi kwenye nyanya.

Lakini aliandika kama anavyosema. Barabara ilikuwa "balabala", wakulima walikuwa "wakurima", sentensi zilikimbia ukurasa mzima bila nukta.

Mimi ni mtu wa Bokoli, kwetu ambako r na l hubadilishana kinywani. Hiyo "balabala" ilikuwa yangu pia, hadi mwalimu mmoja wa shule ya upili alipoitoa kinywani mwangu kwa kiboko. Nilipoiona kwenye karatasi niliona haya, kana kwamba mtu wa nyumbani ameingia ukumbini na matope miguuni akaniita ndugu. Nikaisoma insha ile kama ilivyoandikwa. Kila r na kila l nilizitamka palepale alipoziweka, na pasipo na nukta nilisoma bila kupumua, nikatoa macho.

Mwalimu kijana, wa tatu wetu katika kusahihisha, alicheka hadi akafuta machozi. Akasema, "Ati wakurima. Huyu mama ni noma, bana."

Madam hakucheka. Aliniambia, "Isome vizuri, Mwalimu."

"Nasoma alichoandika, Madam."

Alinitazama kidogo, akaandika saba. Kijana akaandika nne. Mimi nilijua ninachokisikia, nilijua ilikuwa insha bora katika rundo lile, nami nikaandika nne. Wastani ukawa tano. Madam aliomba isomwe tena. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kanuni ya kusoma mara moja, ili asipendelewe mtu. Akachukua kalamu. Tano ikaingia katika daftari la darasa.

Yule mama alikuja kuuliza amekosea wapi. Nilimfungulia karatasi nikamwonyesha wekundu wote. Alifuata kidole changu kwa subira, kisha akasema, "Lakini mwalimu, hizo si ni za lugha? Mlisema ya kuingia ni yale maneno yenyewe."

Nikamwambia lugha mbovu huharibu maneno. Alikunja leso yake, akanishukuru, akaenda. Hakurudi. Karatasi ilibaki mezani, nikaitia kwenye mkoba wangu. Muhula uliofuata Madam alisoma insha zote mwenyewe, na hakunieleza kwa nini.

Mwaka huu, nikifunga vitu nirudi Bokoli, niliipata. Niliisoma polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka, peke yangu. Nikampa nane. Siku ya soko nikaenda Chwele.

Alinitambua kabla sijamsalimu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, wateja wakipita kati yetu. Alisikiliza huku akichambua vitunguu vilivyooza.

"Nani alicheka?"

"Yule mwalimu kijana."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye nilisoma."

"Haya, soma basi."

Nikasoma, safari hii vizuri. Mama wa kibanda cha pili aliacha kupanga nyanya. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anangoja mzigo alizima pikipiki yake, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu mama anatuonea, lakini hiyo ya kusimama kwa mbuzi ni ukweli." Wakaanza kubishana naye kuhusu mkokoteni. Hakuna aliyeuliza imeandikwaje.

Nilimwambia darasa bado lipo, naweza kumwombea kwa Madam. Akatikisa kichwa. Dada yake alishahama, na macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Alichukua karatasi, akaitazama nane niliyoiandika kwa penseli, kisha akaweka kidole juu ya tano ya zamani kisandukuni.

"Hii ndiyo bado iko kwa daftari?"

"Ndiyo."

"Sawa, mwalimu," akasema, akanirudishia karatasi, akamgeukia mteja.