Mwaliko wa Saa Moja

Mkaguzi wa mizani alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kazi aliifanya bila kupepesa macho. Aliingia dukani na mkoba wake wa mawe ya kupimia, akavaa glavu za pamba ili jasho la vidole lisiongeze uzito, akayaweka mawe juu ya sahani moja moja: kilo moja, mbili, tano, kumi. Kisha alilihamisha jiwe kutoka katikati hadi kila pembe ya sahani, maana mizani nyingine husema kweli katikati na kudanganya pembeni. Mizani ikifaulu aliipiga muhuri. Ikifeli aliibandika karatasi nyekundu, hata kama mwenye nayo ni jirani.

Kwa mambo ya moyo ndipo alipokuwa hajui pa kushika.

Si kwamba hakuwahi kujaribu. Alipokuwa na miaka ishirini na saba alimpenda mwenzake mmoja wa ofisini, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri. Badala ya kumwambia tu twende tukanywe chai, alimkaribisha nyumbani chakula cha Jumapili. Kijana alifika akidhani ni mlo wa watu watatu wanne, akawakuta mama, mashangazi watatu, mjomba aliyenyolewa siku hiyohiyo, na kiti chake kimewekwa katikati kama cha shahidi mahakamani. Kabla mchuzi haujapoa alikuwa ameulizwa ana ndugu wangapi, anasali wapi, na kama kwao kuna mtu mwenye kifafa. Mwezi uliofuata aliomba uhamisho. Mkaguzi hakumlaumu. Yeye mwenyewe angekimbia.

Tangu hapo miaka kumi na miwili ilipita, hadi alipopewa mtaa mpya wa kukagua, na humo mlikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la bwana mmoja aliyeitwa Nusu Inchi. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu, mtu akimwuliza msumari gani unafaa kazi yake, alikuwa akijibu, "Ongeza nusu inchi, hutajuta." Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama mtu aliyezoea kupita milango mifupi. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na binti yao ameshaolewa. Mambo hayo mkaguzi hakuyachunguza. Aliyasikia kwa muuza rangi wa duka la pili, ambaye hakuwa na breki mdomoni.

Mwaka wa kwanza mizani ya Nusu Inchi ilifaulu. Mkaguzi alipokuwa akijaza fomu, Nusu Inchi alimletea kigoda, akaendelea kupanga bawaba. Mwaka wa pili walizungumza juu ya kutu kwa dakika ishirini. Mtu anaweza kucheka, lakini mkaguzi alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kana kwamba viatu vimepunguzwa uzito.

Mwaka wa tatu alikuja akiwa amekusudia kumwambia kitu. Akaweka jiwe la kilo kumi, na mizani ikasoma kilo kumi na gramu themanini. Akaliondoa, akaisawazisha, akaliweka tena. Themanini vilevile.

"Imefeli," alisema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni.

Nusu Inchi aliitazama ile namba. Hakubisha wala kuuliza kama kuna namna ya kusaidiana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo aliyenunua kilo kumi ameondoka na pungufu?"

"Ndiyo."

"Lo. Nimewapunja watu bila kujua." Akachukua kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika pale pale: ALIYENUNUA MISUMARI HAPA MWEZI HUU, AJE AONGEZEWE. Akakiegemeza mlangoni.

Mkaguzi alibandika karatasi yake nyekundu, akaondoka bila kusema lile alilokuja nalo. Angemwambiaje? Muhuri uko mkononi mwake. Mtu akialikwa na mwenye muhuri, atasema ndiyo kwa hofu, kisha uishi na ile ndiyo ukijiuliza ilikuwa ya nani.

Jioni alimpigia simu mdogo wake, mwalimu wa chekechea, ambaye hana subira na watu wazima.

"Dada, wewe unampenda," mdogo wake alisema.

"Nimesema ameandika kibao, basi."

"Umenisomea kibao chenyewe mara tatu. Sasa sikiliza. Kwanza jitoe kwenye ile mizani."

Hilo mkaguzi alikuwa ameshaliamua. Mizani ilipotengenezwa, alimwomba mwenzake wa ofisini, mzee aliyekaribia kustaafu, aende kuirudia. Pia aliomba mtaa ule ubadilishwe katika ratiba ya mwaka ujao. Mzee alimtazama juu ya miwani, akasema, "Nitauchukua mimi," wala hakuuliza sababu. Mizani ilifaulu Jumatatu.

Jumanne walifanya mazoezi kwa simu.

"Haya, mimi ni yeye," alisema mdogo mtu, akiifanya sauti yake nzito. "Karibu."

"Samahani kwa usumbufu, najua una kazi nyingi, na labda utaona ajabu, na kama nimekosea unisamehe, ila nilikuwa nafikiri..."

"Kata. Umeomba radhi mara tatu na hujamfanyia kosa. Tena."

"Nina jambo zito nataka kukueleza."

"Ee Mungu, atadhani kuna msiba! Dada, unamwalika chai, humwombi figo. Wewe mwenyewe Jumamosi unakwenda wapi?"

"Kwenye maonyesho ya mashine za kale, jumba la makumbusho. Naenda hata nikiwa peke yangu."

"Basi ndiyo hiyo. Mwambie mahali, siku, saa, na muda wenyewe mfupi. Ajue akija atatoka saa ngapi. Asipokuja, ajue kwamba wewe utakwenda vilevile na hutakaa mlangoni kama yatima. Useme mara moja, kisha unyamaze. Na usimwulize mbele ya wateja."

"Na akikataa?"

"Akikataa amekataa maonyesho. Msalimie, uondoke. Ukianza kuuliza kwa nini, mwaliko umegeuka kesi."

Alhamisi saa kumi, mkaguzi alitoka kazini mapema, akapita nyumbani kuvua sare, akavaa gauni lake la kijani la kila siku. Lile la harusini alilitazama, akalirudisha kabatini. Hiyo ndiyo saa ambayo mafundi huwa hawajashuka kazini, na Nusu Inchi hukaa kizingitini na kikombe chake cha chai. Alimkuta hapo, miguu mirefu imekunjwa.

"Bi Mkaguzi! Mzee wenu alikuja. Tumefaulu."

"Nimesikia, hongera. Leo sikuja kikazi. Hata mtaa huu sikagui tena."

"Ahaa," alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba hajajua kama hiyo ni habari njema au mbaya.

Mkaguzi alisimama pembeni, asimzibie njia ya kuinuka. "Jumamosi saa nne nakwenda makumbusho, kuna maonyesho ya mashine za kale. Nitazunguka kidogo kisha ninywe chai pale uani, yote kama saa moja. Nilifikiri ungependa. Ukipata nafasi njoo tuzunguke pamoja. Usipopata, hakuna neno kabisa."

Akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko maneno. Ulimi ulitaka kuongeza, kueleza, kupunguza, kujitetea. Akaung'ata.

Nusu Inchi alizungusha kikombe. "Jumamosi," alisema polepole. "Jumamosi siwezi."

Mkaguzi alisubiri pumzi moja tu. "Sawa kabisa," alisema, na akatabasamu tabasamu la kweli, japo lilimgharimu. Akauliza kama ngazi ile ya kukunjwa ni ya aluminiamu, akajibiwa ndiyo, akaaga. Alipokata kona alijiegemeza ukutani na kujipepea kwa pochi.

"Vizuri," alisema mdogo wake kwenye simu. "Sasa usirudie. Amejua mlango uko wapi."

"Siwezi kupita pale tena."

"Pita ukiwa na shida ya msumari. Hujaiba."

Jumamosi alikwenda. Alidhani atazunguka akijionea huruma, lakini aliona mashine ya kushonea viatu yenye gurudumu kubwa kama meza, na mizani ya magunia iliyosimama kama mlango, akajikuta anasoma kila kibao. Alikunywa chai yake peke yake juani. Uchungu ulikuwapo, ila mdogo, kama kidole kilichochomwa na sindano. Hakuwa ameaibika. Hilo lilimshangaza kuliko yote.

Jumatano iliyofuata, akitoka ofisini, alimwona Nusu Inchi amesimama ng'ambo ya lango, shati limepigwa pasi mikunjo miwili miwili. Alijiweka mbali kidogo na lango, mahali ambapo mtu angeweza kumpita kwa salamu tu.

"Habari za kazi," alianza. "Sikujibu vizuri siku ile. Jumamosi asubuhi nampeleka mama kusafishwa kidonda cha mguu. Kila Jumamosi. Nilitaka kukueleza, maneno yakakwama, halafu wewe ukaniuliza ngazi."

Mkaguzi alicheka kabla hajajizuia. "Nilidhani hutaki."

"Na mimi nilidhani umefurahi nilivyokataa, ulivyoondoka haraka." Akajikuna shingo. "Ungening'ang'ania pale nisingekuja, nakwambia kweli. Maonyesho yanaisha lini?"

"Jumapili."

"Jumapili saa nane, basi. Kama hujachoka nayo."

"Sijachoka."

Jumapili walizunguka. Mbele ya mizani ya magunia mkaguzi alimweleza jinsi mkono wa chuma unavyobeba uzito mkubwa kwa jiwe dogo, na Nusu Inchi aliinama hadi paji la uso likakaribia kugusa kamba ya kuzuia watu, akauliza maswali ya maana. Mlinzi aliwakoholea mara mbili. Uani walikunywa chai. Nusu Inchi alimsimulia habari za mkewe kidogo, bila kuficha na bila kukaa sana hapo, na mkaguzi akamsimulia kile chakula cha Jumapili cha zamani, kiti katikati na mjomba aliyenyolewa. Nusu Inchi alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Muda wa saa moja ulipotimia mkaguzi aliinuka. Alikuwa na hamu ya kubaki, lakini alikuwa amesema saa moja.

"Unaondoka kweli?" alishangaa Nusu Inchi.

"Nilisema saa moja."

Nusu Inchi alimsindikiza hadi lango la makumbusho. Hapo akaingiza mikono mifukoni, akaitoa, akaingiza tena. "Alhamisi huwa nafunga mapema," alisema. "Kuna njia nzuri ya kutembea kandokando ya bustani ya manispaa. Saa kumi na moja nitakuwa pale. Ukipenda."

Mkaguzi alijua Alhamisi ana ripoti ya mwezi. "Alhamisi siwezi," alisema, kisha akaongeza upesi, "ila Ijumaa naweza."

"Ijumaa nafunga saa kumi na mbili."

"Nitakuja saa kumi na mbili," alisema, na akaenda zake, safari hii bila haraka.