Shaba Ilitoka Wapi

Mwalimu Donat hakutulia. Miaka ishirini amewafundisha watoto kwamba neno cuivre, yaani shaba kwa Kifaransa, latokana na cuire, kupika. Marehemu baba yake, mtu wa tanuru la kuyeyushia shaba, ndivyo alivyomwambia. Jana mwalimu mwenzake, Graciella, alimcheka kwa hilo.

Leo, maktabani, alifuata kwa kidole mstari wa kamusi ya asili ya maneno: “Cuivre, karne ya kumi na mbili. Kutoka Kilatini cyprium, shaba ya kisiwa cha Kupro.”

“Na maneno ya papa yako, maître, iko mule?” Graciella, aliyesimama nyuma yake, alimwuliza mwalimu mwenzake.

“Haiko.”

“Batoto utabaambia nini kesho?”

“Nitabasomea hii.” Tayari alikuwa akinakili mistari, kalamu ikimkwama. “Lakini kwanza niende kwa mama, kule mutaa wa Annexe. Asisikie kwa mutu wingine kama papa alikosea.”