Godoro Linajaa Kitanda?

Njambi alikuwa na jibu moja lililohifadhiwa kwenye simu, na alilipenda kama mkoba wake mpya. Akigusa herufi mbili tu, linajiandika lenyewe: "Iko sawa mum, karibu sana." Alikuwa akiuza vitanda vya watoto mtandaoni akiwa Kamakis, picha tatu nzuri na maelezo mafupi: kitanda cha mbao, imara, godoro la bure. Wateja walikuwa na maswali mengi. Ni kikubwa? Mnaleta? Godoro linajaa kitanda chote? Wote walipata jibu lile lile, na biashara ilikwenda vizuri.

Alasiri hiyo, mteja ambaye hakumjua alikataa kuridhika. "Nimeuliza godoro, unaniambia karibu. Pima kwanza, mum."

Njambi alicheka kwa kuudhika, akachukua utepe wake wa kupimia. Ndani ya kitanda kipya palikuwa na sentimita mia na thelathini. Godoro lilikuwa mia na ishirini. Akalisukuma hadi kichwani, kisha akaingiza ngumi kwenye nafasi iliyobaki miguuni. Ikaingia yote bila kugusa mbao. Kicheko kikamwisha mara moja.

Alimpigia Kaleli, fundi wake wa Kiandutu.

"Kaleli, umebadilisha kipimo?"

"Si ulisema wateja wanauliza kama ni kikubwa? Nikaongeza kidogo. Hata ulinishukuru."

Ni kweli alimshukuru. Lakini magodoro aliyanunua mwenyewe Thika, na hakuna siku alimwambia mshonaji wa huko abadilishe kipimo. Kitanda kilikua, godoro halikukua, na maelezo mtandaoni hayakusema lolote kuhusu vyote viwili. Mtoto anayejiviringisha angeweza kuangukia pale uso chini, na mama yuko jikoni akijua amelala.

Kitanda cha mwisho cha aina ile alikipeleka mwenyewe Membley, kwa Muna, mama wa mtoto wa miezi mitano. Njambi akampigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Kimya.

Hakufunga hata duka. Alidandia bodaboda, na njia nzima aliomba kwa sauti, dereva akawa anageuka kumtazama. Langoni mwa mtaa akamwambia mlinzi kwamba ni mambo ya mtoto, na sura yake ikamalizia yaliyobaki.

Muna alifungua mlango akiwa na unga mikononi. "Njambi? Shh, analala. Simu iko chaji."

"Nionyeshe mtoto, tafadhali dadangu."

Alimpita akiwa amevaa viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya Muislamu. Mtoto alikuwa ameteleza hadi mwisho wa godoro, amelala kwa upana. Mguu mzima ulikuwa umezama kwenye ile nafasi, na shavu limeegemea mbao. Njambi aliweka kiganja mbele ya pua yake, na hakusikia kitu. Kisha pumzi ikagusa ngozi yake, ndogo, ya moto. Akamwinua, akaanza kulia.

Alipomweleza, Muna alimpokonya mtoto. Hakupiga kelele. Alifuta unga kwenye kanga, akatafuta simu, akamwonyesha.

"Nilikuuliza. Soma."

*Godoro linajaa kitanda chote?* Chini yake: *Iko sawa mum, karibu sana.*

Njambi alikaa mezani kwa Muna, akafuta jibu lake la haraka, akaondoa tangazo mtandaoni. Kisha akaandika maelezo upya, akiyaanza na swali la Muna, kwa maana ndilo lililokuwa likirudi kila mara: kipimo cha ndani ya kitanda, kipimo cha godoro, na kwamba vidole viwili visiingie kati ya godoro na ubao kwa urahisi. Nafasi ikiwa kubwa, usitumie kitanda, na usiijaze kwa blanketi. Picha ya utepe ingewekwa Kaleli akisharekebisha. Alikosea kuandika mara kadhaa. Akampa Muna asome.

Muna alisoma polepole, mtoto begani. "Sasa naelewa hata bila kukuuliza," akasema. Kisha: "Na wale wengine uliowajibu 'iko sawa'?"

Njambi hakuwa amewafikiria. Alirudi kwenye ujumbe wake, akipandisha mazungumzo, akipandisha, na jibu lake lilikuwa kila mahali. Alichagua mnunuzi wa kwanza, mama mmoja wa Thika, akapiga. Ikaita. Ikaita. Muna alikuwa amesimama kando yake, ameacha kumbembeleza mtoto.

"Hallo?" mama akapokea, na nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Njambi hakuwahi kufurahia kilio kama alivyokifurahia hicho.