Gunia Lililokumbatiwa

Mbithe amezoa taka Ruiru miaka tisa. Tangu mgongo umteguke akiinua gunia peke yake, yeye huliegemeza pajani, ingawa wazoaji walifunzwa kulishika juu linapofungwa, mbali na mwili, na likiwa zito waite mwenzao.

Leo asubuhi kitu kikamdunga pajani. Sindano iliyotumika ilikuwa imetokeza kwenye gunia.

"Wacha kufinya hapo ulipodungwa, wewe!" Gachau, mwenzake, akamkemea. "Osha na sabuni, twende hospitali saa hii. Chanjo ya homa ya ini ulimaliza?"

"Nilidungwa ya kwanza tu. Zile zingine nilikataa, mkono uliniuma."

Gachau, mtu wa mzaha siku zote, akakimbia kumletea maji na sabuni. Njiani Mbithe akaziangalia glavu zake. Zilikuwa nzima, hazina hata tundu; lililotoboka ni paja, pale anapoegemeza gunia.